Hamsini ya bei ipi?

Uyole, Mbeya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Nyumbani hatujambo, sijui ninyi huko Ilula.

Umeniuliza uanzie wapi kuwafundisha asilimia watu wazima wa darasa lako. Mimi ningeanza na jambo linalowakwaza wengi: bei ikipanda kwa asilimia 50, kisha ikashuka kwa asilimia 50, wanaamini imerudi pale pale.

Chaki iache kwanza. Weka mezani maharage manane, kila punje ni shilingi 500. Jumla ni 4,000, tuseme ndiyo bei ya sado ya viazi. Waambie viazi vimeadimika, bei imepanda kwa asilimia 50. Wataongeza punje nne bila taabu, maana nusu wanaijua tangu zamani. Sasa ziko kumi na mbili, yaani 6,000. Halafu mzigo umeingia sokoni, bei imeshuka kwa asilimia 50. Hapo waangalie mikono. Wengi wataondoa nne, zile zile walizoongeza. Usiwasahihishe, uliza tu: “Nusu ya zilizopo mezani ni ngapi?” Watahesabu sita. Zinabaki sita, yaani 3,000.

Darasani kwangu mama mmoja muuza viazi alibisha. Alisema ni kwa sababu tulianza kupandisha, tungeanza kushusha mambo yangekuwa mengine. Swali zuri sana! Tukajaribu: 4,000 ikashuka nusu ikawa 2,000, ikapanda kwa nusu ya hiyo 2,000, ikafika 3,000. Ni ile ile. Nusu inayoondoka hukatwa kwenye bei kubwa na nusu inayoongezwa hupimwa kwenye bei ndogo, uanze na ipi usianze na ipi.

Wakishaliona hilo, wapeleke kwenye mtaji, maana ndipo linapouma. Mfanyabiashara wa nyanya ana 100,000, matenga yakaoza njiani, akabaki na 50,000. Safari ya pili akapata faida ya asilimia 50, akajiona amefidia hasara. Zihesabuni pamoja: ana 75,000. Ili arudi kwenye 100,000, ile 50,000 ilipaswa kuzaa 50,000 nyingine, yaani faida ya asilimia 100.

Tahadhari moja tu: mfano wa kwanza usiwe wa shilingi 100. Pale asilimia 50 na shilingi 50 ni namba moja, kwa hiyo mtu anaweza kupata jibu sahihi la kupanda huku akiongeza shilingi tu, nawe usigundue. Kwa 4,000 hawezi kujificha, kwani akijibu 4,050 utajua mara moja alipokwama.

Niandikie ukishalifundisha, hasa wakikuuliza swali ambalo huku hatujalipata. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwalimu mwenzako