Namba za wateja wako ziko wapi Facebook ikifungwa?

Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa Uganda nzima. Kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa. Iliporudi siku chache baadaye, Facebook ilibaki imefungwa kwa yeyote asiyetumia VPN. Mteja wetu mmoja wa Arua, mama anayeuza vitenge, alikuwa na wafuasi zaidi ya 3,000 huko na robota mpya dukani. Namba za simu za wateja hao hakuwa nazo hata moja.

Tulipoanza kazi naye hatukumwambia aandike "nitumieni namba zenu". Watu hawatoi namba bure. Alitangaza kwamba picha za mzigo wa Ijumaa zitaonwa kwanza na walio kwenye orodha yake, kisha akaweka kiungo hiki, namba yake ikianza na 256 bila sifuri:

```
https://wa.me/256XXXXXXXXX?text=VITENGE
```

Anayekibonyeza hufunguliwa WhatsApp, neno likiwa limeshaandikwa. Akituma tu, namba yake umeipata.

Hapa ndipo wengi hukwama. WhatsApp inakuruhusu kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 kwa orodha moja ya matangazo, yaani broadcast, lakini unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wewe kuhifadhi yake hakutoshi. Kwa hiyo jibu la kwanza la mama lilikuwa: "Karibu sana. Hifadhi namba hii kwa jina Mama Vitenge Arua, halafu nijibu TAYARI." Asiyejibu alikumbushwa mara moja, basi. Baada ya kila tangazo aliangalia tiki: mtu anayebaki na tiki moja wiki nzima, ilhali ukimwandikia peke yake ujumbe unafika, hajakuhifadhi.

Orodha hiyo isikae ndani ya simu tu. Simu huibwa, akaunti hufungiwa. Iandike pia kwenye daftari au Excel: jina, namba, alichonunua, siku aliyokubali kutumiwa matangazo. Ukubali huo ni lazima, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inautaka. Kwenye Excel, fanya safu ya namba kuwa ya maandishi kabla ya kujaza, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

Barua pepe tunaipendekeza kwa wanaouzia shule na ofisi. Mnunuzi wa kitenge haifungui mara kwa mara, na intaneti ikizimwa yote, barua pepe na WhatsApp hulala pamoja. Kinachobaki ni SMS ya kawaida. Iandike ndani ya herufi 160, na usiweke emoji: hata moja tu hushusha nafasi hadi 70, nawe unalipia ujumbe mbili au tatu kwa kila mtu.

Mama yule sasa ana namba 412, zimegawanywa katika orodha mbili. Ni chache kuliko wafuasi 3,000, lakini kila mmoja anajua duka liko wapi.