Kuponi 10%, soko 13%: mbona bondi yako ya milioni 10 inauzwa chini ya milioni 10?

Hili swali tunalipata sana ofisini, hasa kutoka kwa wateja wanaotaka kuuza kabla muda haujaisha. Mtu ameshika bondi ya shilingi milioni 10, kuponi yaani riba anayolipwa kila mwaka ni 10%, imebaki miaka 3, kila mwaka anaingiziwa milioni 1 bila shida yoyote, halafu siku anataka hela ya kumalizia nyumba anaambiwa bei ni 92.92 kwa kila 100. Anaona kama anapigwa. Hapigwi, ila hesabu yake inabidi uione kwa macho.

Kuponi ya bondi ya aina hii haibadiliki hata riba sokoni ipande vipi, kinachoweza kushuka ni bei tu. Kama leo bondi mpya za aina hiyo hiyo zinalipa 13%, nani atatoa milioni 10 kamili kununua yako inayolipa 10%? Hayupo. Kwahiyo mnunuzi anajiuliza hivi, hela nitakazopokea huko mbele zina thamani gani leo kama kiwango changu ni 13%?

Kuponi ya mwaka wa kwanza ni 1,000,000, unagawa kwa 1.13 unapata 884,956. Ya mwaka wa pili unagawa kwa 1.13 mara mbili, inakuja 783,147. Mwaka wa tatu inaingia kuponi pamoja na mtaji, yaani 11,000,000, unagawa kwa 1.13 mara tatu, 7,623,552. Jumlisha zote unapata kama 9,291,654 (hizo juu tumekata senti ndo maana zinapishana shilingi moja). Ndio hiyo 92.92.

Ukiwa na Excel hauhitaji kuhangaika, andika hivi:

```
=PV(13%,3,-1000000,-10000000)
```

Hizo alama za kutoa usizisahau, bila hizo jibu linakuja hasi. Na kama jibu limezidi milioni 10 wakati riba ya soko iko juu ya kuponi, ujue umechanganya sehemu, pengine umeweka 10% pale pa 13% na kuponi ukaiandika 1,300,000.

Sasa wengi wanapokosea ni hapa: wanasema tofauti ni 3% tu, basi bei ishuke kwa laki 3, iwe 9,700,000. Hapana, laki 3 ni pengo la mwaka mmoja, na mnunuzi atalibeba miaka yote mitatu. Laki 3 mara tatu ni laki 9, lakini kwa vile zinakosekana huko mbele na sio leo, thamani yake ya leo ni 708,346. Toa hiyo kwenye milioni 10, unarudi pale pale 9,291,654. Sisi tunaipenda njia hii kuliko ile ya kwanza maana inaonyesha hasara inatoka wapi, na inaonyesha kwanini bondi ndefu zinaumia zaidi. Bondi hiyo hiyo ingekuwa imebaki miaka 20, pengo la laki 3 linabebwa mara ishirini na bei inaanguka mpaka 7,892,575, wakati riba imepanda kwa kiasi kile kile.

Kama hauuzi, tulia. Mwisho wa muda utalipwa milioni 10 yako kamili, na bei yenyewe inapanda kuelekea huko kadri muda unavyoenda. Mwakani riba ikiwa bado 13%, bondi hii itakuwa na thamani ya 9,499,569 baada ya kuponi kulipwa. Ila tuseme ukweli, kila mwaka unapokea milioni 1 wakati mwenye bondi mpya anapokea 1,300,000, hiyo gharama ipo hata kama hauioni kwenye karatasi.

Kwa mnunuzi nae kuna mtego. Anachukua milioni 1 anagawa kwa 9,291,654 anapata 10.76% analalamika mbona sio 13. Kaisahau ile 708,346 ambayo ataipata mwishoni bondi ikilipwa milioni 10 kamili, vyote viwili pamoja ndo vinafika 13%.

Angalizo, mfano huu ni wa kuponi ya mara moja kwa mwaka na tumehesabu siku ambayo kuponi imeshalipwa. Bondi za serikali hapa Tanzania zinalipa kila miezi 6, kwahiyo unagawa kuponi na riba kwa 2 na vipindi vinakuwa mara mbili, bei itatofautiana kidogo. Na ukiuza katikati ya vipindi, muulize dalali kama bei aliyokutajia imeingiza riba iliyokwisha jikusanya tangu kuponi ya mwisho, maana kwa kawaida inayotajwa haina, na kwa bondi hii nusu mwaka ni kama laki 5 yako ambayo mnunuzi anatakiwa akulipe juu ya bei. Ada ya dalali bado haijaingia humo.