Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: niliwaita kina mama, wakaja, gesi haikuwepo

Mheshimiwa Daktari,

Salaam. Mimi ndiye yule mama uliyempa kipaza sauti kwa mkono wako mwenyewe, pale uwanja wa shule, siku ya uhamasishaji wa saratani. Ukasema ushuhuda wangu una nguvu kuliko mabango yenu yote. Nimevumilia wiki tatu nikitarajia mambo yatajirekebisha. Jana jioni uvumilivu umeniishia, na sababu nitaieleza.

Siku ile niliwaambia kina mama wasingoje maumivu, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi haiumi inapoanza. Niliwaeleza kwamba kabla haijawa saratani hukaa miaka mingi, mara nyingi 10 hata 20, ikiwa ni mabadiliko tu juu ya mlango wa kizazi, na kwamba kwa wenye virusi vya Ukimwi huenda mbio zaidi. Nikaeleza kipimo chenyewe, maana wengi wanaogopa wasichokijua. Muuguzi anaweka spekulamu, kile kifaa cha kupanulia njia, anamulika taa, anapaka siki nyepesi kwa pamba, kisha anasubiri dakika 1. Pakibaki rangi yake ya waridi, unavaa unakwenda zako. Pakitokea doa jeupe, huenda pana mabadiliko yanayotakiwa kuondolewa, wala si kwamba tayari una saratani. Niliposema siki walicheka, wakaulizana kama ni ile ya kachumbari. Nilifurahi walivyocheka, kwa sababu hofu ilipungua.

Ndipo ukachukua kipaza sauti ukasema: kituo chetu kinapima kila Jumanne, bure, na atakayekutwa na mabadiliko atatibiwa siku hiyohiyo. Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, chini ya majina 41 ya wanawake walioniahidi kwenda.

Jumanne iliyofuata niliongozana na 14 kati yao. Mmoja ni jirani yangu, ana miaka 38 na watoto wanne, anauza dagaa. Alitoka kwake gizani ili awahi, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi shilingi 6,000. Muuguzi wa kitengo hicho ni mmoja tu, na nasema mbele ya kila mtu kwamba ni binti mwema sana. Alimpima kwa upole, akaliona doa jeupe, dogo, limekaa mahali linapoonekana kingo zake zote, halijaingia ndani ya njia ya kizazi. Alimwambia jirani yangu kwamba doa la namna hiyo ndilo linalofaa kabisa kwa tiba mgando. Kisha akanyamaza. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu.

Daktari, wewe unaijua tiba mgando kuliko mimi, lakini naieleza kwa ajili ya watakaosoma. Kichwa cha chuma kinagusishwa kwenye doa, gesi inakigandisha kwa dakika 3, wanaacha payeyuke kwa dakika 5, wanagandisha tena dakika 3. Jumla dakika 11. Hakuna kisu, hakuna kulazwa. Mama anatokwa na majimaji kwa wiki chache, anapumzika kukutana na mumewe kwa mwezi hivi, anarudi kukaguliwa baadaye. Doa likiwa kubwa mno, au likiingia ndani, hapo ni haki kumpa rufaa. La jirani yangu halikuwa hivyo. Yeye alikosa gesi tu.

Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, au aende hospitali ya mkoa. Hospitali ya mkoa ni nauli nyingine, pa kulala, na siku mbili bila kuuza. Akachagua kurudi. Jana akarudi, shilingi 6,000 nyingine, gesi haijaja. Jioni nilimfuata kwake. Karatasi yake ameifunga kwenye pindo la khanga, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo. Akaniambia, "Dada, gesi ikija utaniita." Mumewe akauliza ni ugonjwa gani huo ambao serikali inaupima halafu inauacha. Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyemwita mkewe.

Sijui kwa uhakika mtungi ulikwisha kwa nini. Wapo wanaosema hujazwa mjini na husubiri gari la chanjo. Mimi nahisi uliisha siku ileile ya uhamasishaji, maana walipimwa na kutibiwa wengi kwenye lile hema, na hakuna aliyefikiria Jumanne ya kwanza baada ya sherehe. Kama ni hivyo, inauma zaidi.

Sasa nikukumbushe kilichonipata mimi, kwa sababu siku ile ulinipa dakika kumi tu. Nilitokwa damu kila baada ya kukutana na mume wangu, kisha nikaanza kutoa maji yenye harufu. Nilikwenda kutibiwa, si kwamba nilikaa nyumbani. Mara tatu nilipewa dawa za fangasi na za maambukizi. Kwa miezi 11 hakuna aliyenilaza kitandani akamulika taa aone. Alipotokea wa kwanza kutazama, uvimbe ulikuwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia nyama za pembeni. Upasuaji haukufaa tena. Nilipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, nikapigwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5, na dripu ya dawa mara moja kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Nilikaa kwa ndugu Mbagala, nikipanda daladala huku natapika kwenye mfuko. Ng'ombe wawili wakauzwa. Hedhi ilikatika nikiwa na miaka 44. Namshukuru Mungu na wale walionitibu, niko hai. Lakini mimi nilifikishwa kule na miezi 11 ya kutotazamwa. Jirani yangu ametazamwa, ameonekana, na bado anasubiri.

Mabinti zetu wanapata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, tangu 2018, na nimempeleka wangu. Sisi mama zao chanjo ilishatupita, kilichobaki kwetu ni siki, taa na ile gesi.

Zipo mashine ndogo za joto, za kuchaji kwa umeme, ambazo kichwa chake hupata moto wa nyuzi 100 hivi na kumaliza kazi chini ya dakika 1 kwa kila mguso, bila mtungi. Nimeiona kwa macho yangu kwenye kliniki ninakofuatiliwa. Kama wilaya inaweza kupata hata moja, tuletewe. Kama haiwezi, mtungi uwe na mwenzake wa akiba. Kama hilo nalo gumu, basi gesi ikiisha tangazeni msikitini, kanisani na kwa watendaji wa vijiji kabla mtu hajapanda bodaboda.

Ila ombi langu hasa ni moja, Daktari. Jirani yangu atibiwe Jumanne ijayo. Wengine wawili kati ya wale 14 nao walikutwa na doa, majina yao muuguzi anayo. Watibiwe pamoja. Umenialika tena kuzungumza kata ya pili mwezi ujao. Daftari lina majina 27 ambayo sijayapeleka kituoni, na sitayapeleka, wala sitashika kipaza sauti, mpaka nione mtungi ule umejaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa kitenge cha njano