Malalamiko: Kutuma 3,000 mara moja ni ghali kuliko kutuma 1,000 mara tatu

Likoni, Mombasa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana au Bibi,

KUH: ADA ZA KUTUMA NA KUTOA PESA KWA SIMU

Mimi ni muuza samaki. Siku sita kwa wiki, alfajiri, nawalipa wavuvi wawili wa Gazi kwa simu, kila mmoja shilingi 3,000. Hawataki hadithi, wanataka 3,000 kamili mkononi. Kwa hivyo natuma na ya kutoa.

Hesabu yake ni hii. Kutuma ni 53. Mvuvi akienda kwa ajenti anakatwa 52. Jumla 105 kwa samaki ambao bado sijawaona mezani. (Asithubutu kwenda kwenye mashine ya benki: hapo kutoa 3,000 ni 69.)

Sasa nina njia nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Natuma 1,000, natuma 1,000 tena, na tena. Kila moja ni 13, zote 39. Ile 52 ya kutoa naituma peke yake, na kwa sababu haizidi 100, hamnitozi kitu. Nikiichanganya na elfu ya mwisho iwe 1,052, nimeingia ngazi ya juu na mnanikata 23 badala ya 13, kwa hivyo lazima iende yenyewe. Mvuvi amepata 3,052 zilezile, nami nimeokoa 14. Kwa wavuvi wawili, siku sita, hiyo ni 168 kwa wiki. Kwenu ni senti. Kwangu ni barafu.

Mtindo huu niliuzoea tangu 2020, wakati wa korona, ambapo kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka kutuma hadi 1,000 kulikuwa bure kwa mpango wa Benki Kuu. Ule mpango ulikwisha, mkono wangu haukusahau.

Niliketi na karatasi yenu ya ada nikatafuta tatizo liko wapi. Kutuma 2,500 ni 33. Ongeza shilingi moja tu, inakuwa 53. Lakini kutoka 3,500 hadi 5,000 mnaongeza shilingi nne pekee, 57. Ndiyo maana mwenye 5,000 hana haja ya kugawa: akituma elfu elfu mara tano atalipa 65, afadhali atume mara moja. Kigongo kiko pale katikati, kwenye elfu mbili, elfu tatu, na hapo ndipo tunapoishi sisi wa samaki, mboga na mitumba. Anayetuma 50,000 analipa 108, na kuitoa ni 278. Ukijumlisha, hafiki shilingi moja kwa kila mia. Mimi kwenye 3,000 nalipa tatu na nusu kwa kila mia. Mama yangu nikimtumia 200 ya dawa, 7 kutuma na 29 kutoa, ni 18 kwa kila mia. Najua sehemu ya ada ni ushuru wa serikali, uliopanda kutoka asilimia 12 hadi 15 Julai 2023. Lakini ushuru hauna kigongo. Ngazi mmezipanga nyinyi.

Nilipowapigia simu, kijana wenu, mwenye adabu sana, aliniambia, "Mama, basi uwe unagawa." Jumamosi iliyofuata ajenti wangu akaniambia yeye akigawa muamala wa mteja anaonekana anavizia kamisheni na anaweza kuadhibiwa. Sasa nani mkweli?

Mtaniambia nihame. Mume wangu ana laini ya kampuni nyingine ambako kutumiana wao kwa wao hakutozwi. Ila pale Gazi ajenti wao hayupo. Mvuvi itabidi apande matatu hadi Msambweni kutoa pesa, na nauli inakula chote nilichookoa. Mnalijua hilo.

Naomba mawili. Kwanza, rekebisheni ngazi ya 2,501 hadi 3,500 ili kutuma mara moja kusiwe ghali kuliko kutuma mara tatu. Pili, kabla sijabonyeza nambari ya siri, skrini inionyeshe ada ya kutuma na ile atakayokatwa mwenzangu akienda kwa ajenti, maana leo naifanya hesabu hiyo kichwani, gizani, mikono ina magamba.

Nijibuni kwa maandishi. Nimeambatisha nakala za jumbe za wiki moja: siku tatu nilituma kwa mkupuo, siku tatu kwa kugawa. Nambari za wavuvi nimezifuta kwa kalamu.

Wenu mteja,
Muuza samaki, Likoni