Mafuta ya kupima: dumu lisipoisha, hesabu lita kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila bei ya mafuta ya kula inapopanda husikika kauli ileile: mafuta hayana mbadala, watu watanunua tu. Ukiliangalia jiji zima la Dar es Salaam, kauli hiyo ina ukweli mwingi. Kwa mwenye duka la mtaani, kuifuata ni hatari, na ninaomba nafasi nieleze kwa hesabu.

Wachumi huita jambo hili unyumbufu wa mahitaji: bei ikipanda kwa asilimia moja, kiasi kinachouzwa kinapungua kwa asilimia ngapi? Jibu likiwa chini ya 1, mnunuzi hana pa kukimbilia na pesa ya mauzo inaongezeka. Likizidi 1, mnunuzi anakimbia haraka kuliko bei inavyopanda, na pesa ya mauzo inapungua.

Tuchukue mfano wa duka la Mbagala linalouza mafuta ya kupima kwa shilingi 5,000 lita, na kwa wiki linauza lita 100. Bei ya jumla anayonunulia mwenye duka ni 4,400 kwa lita, kwa hiyo kila lita inamwachia 600. Anapandisha bei hadi 5,500. Duka la jirani, hatua hamsini tu mbele, linabaki kwenye 5,000. Wiki inayofuata anauza lita 70.

Wengi wangesema bei imepanda asilimia 10, mauzo yameshuka asilimia 30, basi unyumbufu ni 3. Hesabu hiyo ina kasoro. Akirudisha bei kutoka 5,500 hadi 5,000 na mauzo yakarudi kutoka 70 hadi 100, njia ileile itampa 4.7, ingawa ni duka lilelile na wateja walewale. Dawa yake ni kugawanya kwa wastani wa namba mbili badala ya namba ya kuanzia. Lita 30 zilizopungua zigawanywe kwa 85, ambayo ni katikati ya 100 na 70. Shilingi 500 zilizoongezeka zigawanywe kwa 5,250. Jibu ni kama 3.7, iwe bei inapanda au inashuka.

Sasa tuangalie droo. Mauzo yameshuka kutoka shilingi 500,000 hadi 385,000. Mwenye duka anaweza kuogopa hapo, lakini afanye hesabu ya faida kwanza. Zamani alipata 600 mara 100, yaani 60,000. Sasa anapata 1,100 mara 70, yaani 77,000. Faida ya mafuta imeongezeka kwa 17,000 ingawa mauzo yameanguka. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hujipongeza mapema.

Mafuta hayaondoki dukani peke yake. Anayekuja kupima robo lita anachukua pia vitunguu, nyanya, unga, kiberiti. Tukichukulia kwamba lita 30 zile zote zilikuwa za watu wa robo lita waliohamia kwa jirani, hizo ni safari 120 za wateja kwa wiki. Gawanya ile 17,000 kwa 120 unapata kama shilingi 142. Maana yake, ikiwa kila safari ilikuwa inaacha zaidi ya shilingi 142 za faida kwenye bidhaa nyingine, kupandisha bei kumemtia hasara. Fungu la nyanya na kiberiti vinatosha kuifikisha faida hapo. Ningependa kila mwenye duka aifanye hesabu hii kabla hajabadilisha kibao cha bei, kwa sababu hasara yake haionekani kwenye mafuta. Inaonekana kwenye unga usiotoka.

Lakini si kila lita iliyopungua ni mteja aliyehama. Dar es Salaam watu wengi hawaombi kiasi cha mafuta, wanaomba cha pesa: "nipimie ya mia tano", "ya elfu moja". Mteja huyu bei ikipanda analeta pesa ileile na kuondoka na mafuta machache. Unyumbufu wake ni 1 kamili. Kama duka lote lingekuwa na wateja wa namna hiyo, droo ingebaki na 500,000 zilezile huku lita zikishuka kutoka 100 hadi karibu 91. Anayehesabu pesa tu ataamini hakuna kilichobadilika. Anayehesabu lita tu ataamini wateja tisa kati ya mia wamemkimbia, kumbe wote wapo na wanaendelea kununua nyanya. Ndiyo maana daftari linahitaji mambo mawili kila jioni: lita zilizotoka, ambazo unazipata kwa kupima dumu asubuhi na jioni, na idadi ya watu waliopimiwa. Lita zikishuka na watu wakabaki, wamepunguza kipimo. Vyote viwili vikishuka pamoja, wamehamia kwa jirani.

Ile kauli ya kwamba watu watanunua tu inapata ukweli wake pale bei inapopanda kwa wote. Indonesia ilipozuia kusafirisha nje mafuta ya mawese kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, bei ilisukumwa juu kwenye soko la dunia, na mnunuzi wa hapa asingepata nafuu kwa kuvuka barabara. Turudi kwenye mfano wetu: tuseme bei ya jumla imepanda kwa 500, kila duka la mtaa limefika 5,500, na mauzo yameshuka hadi lita 95 tu. Unyumbufu sasa ni kama 0.54. Mafuta ni yaleyale, wateja ni walewale, ongezeko ni lilelile la shilingi 500. Kilichobadilika ni bei ya jirani. Na angalia: mauzo yamefika 522,500, lakini faida kwa lita bado ni 600, hivyo jumla ni 57,000. Droo imejaa zaidi na faida ya mwenye duka imepungua kwa 3,000. Anayemlaumu kwa kujitajirisha aitazame namba hiyo.

Kuna mambo yanayoharibu kipimo. Wiki ya kwanza baada ya kupandisha bei haiaminiki, kwa sababu wapo waliokwisha kununua na bado wana mafuta ndani, na wapo ambao hawajajua kwamba jirani hajapandisha. Linganisha tarehe zinazofanana, wiki ya mwisho wa mwezi na wiki ya mwisho wa mwezi, maana mshahara ukitoka hata anayepima robo hununua lita nzima. Usilinganishe mwezi wa kawaida na Ramadhani, wakati sambusa na bagia zinakaangwa kila jioni. Utadhani wateja hawajali bei, kumbe mahitaji yenyewe yamehama. Na muuza chipsi anayechukua dumu la lita 20 kila wiki aandikwe ukurasa wake. Katika duka la lita 100 kwa wiki, yeye peke yake ni sehemu ya tano ya mauzo, na akisafiri siku saba daftari litaonyesha wateja wamekasirika kwa bei ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Mwalimu wa uchumi,
Temeke, Dar es Salaam