Mjomba, tembo hakuamua

Shikamoo mjomba. Mama anasema nimekununia tangu siku ile ya mhadhara wangu kuhusu tembo wanaozaliwa bila pembe, sijakununia, ila kuna kitu kimenikaa rohoni na simu zangu hupokei, basi naandika hapahapa.

Kubishana sio tatizo, we ndo ulinifundisha kubisha. Kilichoniuma ni pale ulipochukua maiki wakati wa maswali ukasema "tembo sio mjinga, aliona wenzake wanauawa kwa ajili ya pembe akaamua kuacha kuziotesha, huyu mtoto vitabu vimemvuruga." Ukumbi mzima makofi, MC akafunga maswali palepale, watu wakaondoka na jibu lako. Na yule kijana wa form four alikuwa ametoka kuuliza tembo mmoja anachukua miaka mingapi mpaka pembe zake ziishe. Jibu lake lilikuwa fupi tu, hakuna hata tembo mmoja ambaye pembe zake ziliisha, ila sikupata nafasi ya kumwambia.

Sasa nisikilize mjomba wangu. Pale hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, kabla ya vita tayari kulikuwa na majike waliozaliwa bila pembe, kama 18 au 19 kwenye kila 100. Hawakuwa wanaogopa mtu, walizaliwa hivyo tu. Vita ikaja, 1977 mpaka 1992, wapiganaji wa pande zote wakawa wanaua tembo kwa ajili ya nyama na pembe, wakaisha zaidi ya asilimia 90. Mwenye bunduki anamtafuta mwenye pembe, yule asiye nazo anamwacha apite, kwa hiyo walipokuja kuhesabiwa waliobaki, majike wasio na pembe walikuwa kama nusu. Hakuna aliyebadilika hapo. Wenye pembe walikufa wengi zaidi, basi, na waliobaki ndio wakazaa. Watoto wa kike waliozaliwa baada ya vita, kama theluthi yao hawana pembe, kwa sababu wamerithi kwa mama zao.

Halafu kuna hili ambalo ulinikatiza nikiwa ndo nataka kulisema, na ndilo linanikosesha usingizi maana nina hakika ungelisikia ungenyamaza. Mwaka 2021 watafiti walitoa majibu ya vinasaba vya tembo wa palepale. Hali ya kukosa pembe inaonekana kukaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na hitilafu ile nyingine inamwokoa, anaishi vizuri ila haoti pembe. Dume ana X moja tu, akirithi ile yenye hitilafu anafia tumboni. Ndio maana Gorongosa huoni dume lisilo na pembe, na ndio maana mama asiye na pembe, watoto wake wanaozaliwa hai kama theluthi mbili ni wa kike, nusu ya wale ambao wangekuwa madume hawafiki. Sasa niambie mjomba, kama tembo alikaa akafikiri akaamua, ndo aamue kitu kinachoua watoto wake wa kiume? Hitilafu ile haina akili wala huruma, ilikuwepo toka zamani na ilisambaa kwa sababu bunduki iliwapunguza wengine.

Najua utasema umewaona tembo wakijifunza, wakishasumbuliwa wanatembea usiku, wanakimbia gari, na hapo nakuunga mkono kabisa. Tembo mmoja anaweza kubadili tabia leo na mtoto akajifunza kwa mama yake. Lakini pembe sio tabia. Ni jino, mpango wake unawekwa toka mimba inatungwa, na mimba yenyewe ni miezi 22, woga wa mama haufiki huko. We mwenyewe umetusimulia majike waliovunjika pembe porini na ndama wao wakaota zote mbili kama kawaida, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, na nilitaka kuitumia stori hiyohiyo kukutetea mbele za watu.

Nakushauri siku nyingine mtu akimaliza kuongea umuulize kabla hujamhukumu. Na mi sikupandisha sauti mjomba, wamekudanganya, nilisema tu "naomba nimalizie" mara mbili, aliyekuwa mbele anajua, na heshima yako sikuigusa hata kidogo.

Umekaa hifadhini toka sijazaliwa. Ulishawahi kumwona jike mzima mwenye pembe zake mbili, hajavunjika, hajakatwa, kesho yake hanazo? Naomba unijibu hilo, na unipigie mwenyewe, usimtume mama.