Nilikopa elfu kumi, simu ikapokea elfu nane na mia mbili

Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kayole, nashona sare za shule. Shule moja ya mtaani iliniagiza sketi na kaptula, malipo baada ya kukabidhi kazi. Jora la kitambaa kule Eastleigh lilikuwa shilingi 9,500, na pamoja na nauli na uzi hesabu ilikuwa inafika elfu kumi hivi. Nikaomba elfu kumi kwenye apu moja ya mikopo, ya siku 30.

Kabla sijabonyeza kukubali, skrini ilionyesha mambo matatu: mkopo 10,000, muda siku 30, riba 15%. Picha ya skrini hiyo ninayo. Nikapiga hesabu kama mtu yeyote angepiga: nitapewa elfu kumi, nitarudisha elfu kumi na moja na mia tano. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia, ulisema nimepokea 8,200. Nilipofungua apu tena, deni langu limeandikwa 10,000, na chini yake, kwa maandishi madogo ambayo hayakuwepo mwanzoni, "ada ya kushughulikia mkopo 1,500, ushuru 300".

Kitambaa sikuweza kukilipia chote. Jirani yangu muuza sukuma wiki ndiye aliyenijazia pengo, bila riba wala skrini, nikamrudishia Jumamosi.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, sitamsingizia. Akanieleza, "Mama, hujalipishwa zaidi. Ile asilimia 15 uliyoiona ndiyo hiyo elfu moja na mia tano, sisi tunaichukua mwanzo badala ya mwisho. Hiyo mia tatu ni ya serikali, asilimia 20 ya ada." Kuhusu ushuru sibishani naye, najua Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka ushuru wa asilimia 20 kwenye ada za wakopeshaji wa kidijitali. Nisichokubali ni hilo la kwamba mwanzo na mwisho ni mamoja. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu, kwa hivyo nilikaa na kalamu.

Tuseme wangenipa elfu kumi kamili, kisha mwisho wa mwezi nilipe 11,800. Gharama ingekuwa 1,800 juu ya pesa nilizotumia kweli, yaani asilimia 18. Sasa wamenipa 8,200 na wanataka 10,000. Gharama ni ile ile 1,800, lakini pesa nilizozitumia ni 8,200 tu. Gawanya 1,800 kwa 8,200, unapata karibu asilimia 22. Kwa mwezi mmoja, mshauri, si kwa mwaka. Ni kama muuza duka anayekuuzia kilo ya sukari, anachota vijiko vyake kwanza, kisha anakulipisha kilo nzima.

Na kama ningetaka elfu kumi iingie mkononi kweli, ningelazimika kuomba kiasi ambacho kikishakatwa asilimia 18 kinabaki elfu kumi. Ukigawanya 10,000 kwa 0.82 unapata karibu 12,195. Hapo ada na ushuru vinafika 2,195. Kwa hiyo kukata mwanzoni kunamfanya mtu mwenye shida akope zaidi, na akikopa zaidi ada yenyewe inakua, na ushuru juu yake vilevile.

Kuna jambo jingine nililoligundua baadaye. Nilimuuliza yule kijana, nikilipa wiki ijayo mtanipunguzia? Akasema hapana, ada ikishakatwa imekatwa. Kama wangengojea riba mwisho, angalau mtu anayelipa mapema angekuwa na hoja ya kudai nafuu.

Sasa shida yenyewe iliyonifanya niandike. Tarehe ya kulipa imekaribia na shule haijanilipa. Mwalimu mkuu anasema wazazi bado wanaleta karo kidogokidogo, namwamini, maana nawaona hao wazazi. Mkononi nina elfu nane na kitu. Apu inanitumia ujumbe wa kunipa njia: nilipe 1,800 niongezewe siku 30. Nimesoma mara mbili nikaelewa kwamba hiyo 1,800 haipunguzi deni hata senti. Nitabaki na 10,000 ile ile. Dada yangu wa Dandora alipitia hapo na apu nyingine, akaongeza muda mara mbili. Kwa mkopo kama wangu hiyo ingekuwa 3,600 za kuongeza muda, kisha 10,000 za deni, jumla 13,600 kwa mtu aliyepokea 8,200.

Mume wangu ana msimamo wake. Anasema, "Lipa elfu nane na mia mbili uliyopewa, hizo nyingine waende mahakamani wakazidai." Moyoni nakubaliana naye, lakini kijana wa huduma kwa wateja ameniambia kwamba nikilipa pungufu, salio linaanza kutozwa faini kila siku, na jina langu litapelekwa CRB. Mimi nimeomba mkopo wa sacco wa kununua cherehani ya umeme, na sacco wanataka ripoti safi ya CRB. Mashine hiyo ndiyo ingenitoa kwenye kukopa kwa simu kabisa. Wamama wa chama nao wanasema nikope kwenye apu ya pili nilipe ya kwanza. Hilo nimelikataa, kwa sababu hata ya pili itakata mwanzoni, na nitaanza mwezi mpya nikiwa nimepungukiwa zaidi.

Nimejaribu kutafuta haki yangu iko wapi. Nimesoma kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawataka wawe na leseni, na wamweleze mteja ada na gharama zote kabla ya kumpa mkopo. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni. Jina la apu hii sikuliona humo, nikakaribia kukata tamaa, mpaka nilipoangalia ule ujumbe wa M-Pesa: aliyetuma pesa ni kampuni yenye jina tofauti kabisa na la apu. Jina hilo la kampuni limo. Kwa hivyo wana leseni, na nafikiri hilo linanisaidia, kwa kuwa kuna mtu wa juu yao wa kumlalamikia. Picha ya skrini ya kabla, ujumbe wa M-Pesa na picha ya deni la baadaye nimezituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe, zisije zikapotea simu ikiibwa.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, nikilipa 8,200 kabla ya tarehe, pamoja na barua ya kupinga ile 1,800, wanaweza bado kuniripoti CRB malalamiko yangu yakiwa hayajaamuliwa? Au ni afadhali nijinyime, nilipe 10,000 yote nilinde jina langu, halafu niwalalamikie Benki Kuu nikiwa sidaiwi? Na nikifanya hivyo, je, kulipa kwangu hakutahesabiwa kwamba nilikubali ile ada? Pia ningependa kujua kama mtu anaweza kuwaandikia kuomba kulipa kwa awamu mbili bila kununua hizo siku 30, na kama wewe umewahi kuona aliyekubaliwa. Ninayo ile elfu nane hapa, nimeizuia kwa nguvu, na ukichelewa kunijibu sijui kama itakuwepo.

Fundi wa Sare,
Kayole, Nairobi